Muhuri wa mwenyekiti haumjui mwenye shamba

Karatasi yenyewe karibu kila mara ni ile ile. Ni ukurasa wa daftari la mistari uliochanwa katikati, na maandishi yanaanza na "Mimi" na jina la muuzaji, yanaendelea na "nimemuuzia" na jina la mnunuzi, kisha yanataja eneo lenye hatua 70 kwa hatua 35 lililopo kitongoji fulani, upande wa mashariki limepakana na mzee fulani, upande wa magharibi na korongo. Chini yake: "Fedha zote nimepokea taslimu na sidai tena." Hapo zinafuata sahihi, dole gumba lililochovywa kwenye wino wa kalamu, majina ya mashahidi wanne, na juu ya yote muhuri wa mviringo wa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtendaji. Mnunuzi anaikunja, anaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuifungia sandukuni akiamini amefungia ardhi.

Wiki mbili baadaye muuzaji anaweza kuchana ukurasa mwingine.

Tunapozungumzia utapeli wa viwanja, fikra zetu hukimbilia hati za kughushi, mihuri ya kuchonga na matapeli wa mjini wenye ofisi za kukodi. Hayo yapo. Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako sehemu kubwa ya ardhi inayouzwa haina hati yoyote, mtu anayetaka kuuza eneo moja mara tatu hana haja ya kughushi kitu. Wanunuzi wote watatu wanaweza kuwa na karatasi za kweli, zenye sahihi za kweli na muhuri wa kweli. Kila karatasi inasema ukweli juu ya jambo moja tu: kwamba siku ile, mbele ya watu wale, fedha zilitoka mkono huu zikaingia mkono ule. Haisemi kama aliyepokea alikuwa na kitu cha kuuza. Mashahidi walishuhudia mauziano, hawakushuhudia umiliki, na muhuri uligongwa juu ya maneno ya muuzaji mwenyewe.

Hoja yangu leo ni hiyo. Mahali pa kumtafuta mwenye ardhi ni kwenye kitabu ambacho muuzaji hakiandiki yeye. Kazi ya mnunuzi ni kujua kitabu hicho ni kipi, kiko wapi, na kuhakikisha jina lake linaingia humo kabla ya jina la mwenzake.

Vitabu hivyo hutofautiana kwa sababu ardhi yenyewe imegawanywa. Kwa sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na imepangwa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kumbukumbu zake hukaa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Ardhi ya jumla, hasa viwanja vya mjini vilivyopimwa, kumbukumbu zake ziko ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya au mji, na vikishatolewa hati, kwa Msajili wa Hati, ambaye kwa mkoa wetu huduma zake ziko ofisi ya ardhi ya mkoa, Musoma. Ardhi ya hifadhi haiuzwi na mtu yeyote. Hilo la mwisho si dogo kwa mtu anayenunua shamba Kegonga, Nyandage, Gibaso au Karakatonga, vijiji vya Tarime ambavyo vimekuwa na mgogoro wa mipaka na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Huko unaweza kuuziwa na mwenye shamba halali kabisa wa miaka yote, ukakuta bikoni ya hifadhi iko upande usioutarajia. Uliza ramani ya kijiji kwanza, ndipo uulize bei.

Utapeli wa kuuza mara mbili hustawi zaidi pale ardhi inapohama kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. Miji yetu inapanuka. Mugumu inameza mashamba yaliyokuwa ya vijiji jirani, na Tarime mjini imekwisha kuyameza mengi. Shamba linalouzwa leo kwa hatua linaweza kesho kuwa viwanja vyenye namba na kitalu. Udongo ni ule ule, majina ni mawili. Ngoja niweke mfano wa kubuni, lakini kila kipande chake mtu wa Mara atakitambua.

Tuseme mwaka 2015 mzee mmoja mwenye shamba la ekari tatu kando ya mji wa Mugumu anamuuzia mwalimu anayefundisha Tarime ekari moja. Wanaandikiana, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, soda zinanywewa. Mwalimu hana haraka. Atajenga akikaribia kustaafu. Anamwambia mzee, "Endelea tu kulima mahindi yako, baba, usiliache likawa pori." Ni uungwana wa kawaida kwetu, na ndio mlango wa kwanza wa balaa. Kuanzia siku hiyo, kila anayepita anaona mahindi ya mzee kwenye shamba la mzee. Mwalimu amenunua, lakini ameiondoa ile alama moja ambayo hata asiyejua kusoma angeiona.

Miaka inapita. Novemba 2019 unafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti wa kitongoji anabadilika. Anayeingia hakuwepo siku ya soda, na aliyetoka hakuacha kitabu cha mauziano kwa kuwa hakuwa nacho. Kisha eneo linaingizwa kwenye mpango wa mji, na kampuni ya upimaji inakuja kufanya urasimishaji. Vijana wa kampuni wanapita na vifaa vyao wakiuliza jambo moja kila wanaposimama: hapa ni kwa nani? Mzee yupo, amesimama na jembe lake. Anajibu kwamba ni kwake. Mwalimu yuko darasani Tarime na hakuna aliyempigia simu. Ekari moja ni mita za mraba zipatazo 4,047. Ukiondoa barabara zinapatikana viwanja vinne au vitano vya mita za mraba 600, na kwenye orodha vyote vinaandikwa jina la mzee.

Mwaka 2021 mzee anamuuzia mfanyabiashara wa Sirari viwanja viwili kati ya vile. Safari hii karatasi ni safi zaidi: ina namba za viwanja, ina herufi ya kitalu, imechapwa kwa kompyuta. Mfanyabiashara anafika ofisi ya ardhi, anaangalia, anakuta jina la mzee. Amehakiki. Mwaka 2023 mzee anafariki, na kijana wake anamuuzia nesi wa Musoma "lile eneo la baba lililobaki", kwa hatua tena, bila kujua au bila kujali kwamba ndani ya hatua hizo vimo viwanja vya watu. Mwaka unaofuata mwalimu anashusha lori la mawe na kukuta msingi umeshajengwa.

Ukiwauliza jirani zao, watakwambia mwenye haki ni wa kwanza. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara kadhaa kwamba watu wawili wanapodai haki ile ile juu ya ardhi ile ile, wa mwanzo kwa tarehe ndiye hutangulia, na ni kanuni ya siku nyingi kwamba asiye na haki hawezi kumpa mwingine haki. Mzee akishauza ekari ile mwaka 2015, mwaka 2021 hakuwa na cha kuuza. Kwa hesabu hiyo mwalimu ameshinda.

Lakini kuna swali ambalo mwalimu hakuulizwa na mtu siku ya soda. Mwaka 2015 ile ilikuwa ardhi ya kijiji. Je, halmashauri ya kijiji ilikaa ikaidhinisha? Tangu kesi iliyoripotiwa mwaka 1985, na tena katika maamuzi ya miaka ya karibuni, Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo kwamba mauzo ya ardhi ndani ya kijiji kilichosajiliwa bila idhini ya serikali ya kijiji hayana nguvu. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji si idhini ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ni kikao chenye wajumbe kati ya 15 na 25, kina ajenda, kina muhtasari na kina orodha ya mahudhurio. Wakili wa mfanyabiashara ataomba muhtasari huo, na mwalimu atatoa ukurasa wa daftari. Wa kwanza kununua anaweza kushindwa kwa sababu, kwa macho ya sheria, hakununua.

Mfanyabiashara naye akiwa amekwisha kupata hati kwa viwanja vyake, anaingia mahakamani akiwa na faida kubwa: mwenye jina kwenye hati huhesabiwa kuwa mmiliki mpaka ithibitike kwamba hati ilipatikana isivyo halali. Kama bado ana orodha ya urasimishaji tu, hana kinga hiyo. Na nesi? Yeye ndiye dhaifu kuliko wote. Amenunua kwa mtoto wa marehemu ambaye hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza, hata kama ni mtoto pekee. Wote watatu walilipa fedha halisi, na kesi yao inaweza kupanda hadi Mahakama ya Rufani huku mahindi yakiendelea kuota.

Turudi nyuma basi tuone mwalimu angefanya nini, kwa sababu hatua zenyewe si za ajabu.

Kwa shamba la kijiji, safari inaanza kwa mtendaji wa kijiji, na kitu cha kuomba ni kitabu, wala si muhuri. Unauliza: shamba hili limeandikwa kwa jina la nani kwenye masjala? Lina hati ya hakimiliki ya kimila? Kama lina hati, namba yake inapaswa kuonekana pia masjala ya ardhi ya wilaya, kwa hiyo unaipeleka namba hiyo huko kwa miguu yako mwenyewe. Usiridhike na nakala aliyoshika muuzaji, hata iwe na picha yake. Kama halina hati, na mengi hayana, basi uthibitisho wako unakuwa watu. Tembea mipaka yote na majirani wa pande zote nne, bila muuzaji na bila dalali. Simama kwenye mstari wa mkonge au minyaa na uliza maswali ya kawaida: nani amelima hapa msimu uliopita, na kabla yake? Kuna mtu mwingine aliyekuja kupima hatua mwaka huu? Swali hilo la mwisho limeokoa fedha nyingi, kwa sababu jirani karibu siku zote humwona mnunuzi wa kwanza, ila hakuna anayemuuliza.

Kisha, kabla ya kulipa, mauziano yapelekwe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, nawe upewe nakala ya muhtasari wenye jina lako, jina la muuzaji, ukubwa wa eneo, tarehe na orodha ya waliohudhuria. Najua jibu utakalopewa: kikao hakina posho, subiri miezi miwili, au lete asilimia 10 tumalize leo. Kusubiri miezi miwili ni nafuu. Muuzaji anayesema hawezi kusubiri kikao kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja na hela kesho" amekupa taarifa muhimu sana, na pengine ni kweli.

Kwa kiwanja kilichopimwa, njia ni nyingine. Namba ya kiwanja na kitalu zinapelekwa ofisi ya ardhi ya halmashauri, unaonyeshwa ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na unauliza kiwanja kimemilikishwa nani. Halafu unakwenda na afisa au mpima kwenye eneo lenyewe kuona mawe ya mipaka, kwa sababu kuna utapeli mwingine wa kuonyeshwa kiwanja kizuri kando ya barabara na kuuziwa namba ya kiwanja cha bondeni. Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Hiki ndicho kipimo kikuu, na watu wengi hawakijui au wanadhani ni kazi ya mabenki tu. Unatoa namba ya hati, unalipa ada, unapewa majibu ya maandishi: nani amesajiliwa, kwa muda gani, kama hati imewekwa rehani benki, kama kuna zuio lolote. Hati inayong'aa mkononi mwa muuzaji inaweza kuwa nakala ya hati ambayo asili yake iko benki tangu miaka mitatu iliyopita.

Majibu ya upekuzi hueleza hali ya siku yalipotolewa. Wiki tatu baadaye mambo yanaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo upekuzi ufanyike karibu na siku ya malipo, na malipo yafuatwe haraka na nyaraka za uhamisho: fomu namba 29 ya kuarifu, namba 30 ya kuomba kibali na namba 35 ya uhamisho wenyewe, zikiwa zimeshuhudiwa na wakili. Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hauna nguvu mpaka usajiliwe. Kununua mwaka huu na kusajili "nikipata hela ya kodi" ni kumwachia muuzaji jina lake kwenye kitabu, na jina hilo ndilo atakalolionyesha kwa mnunuzi anayefuata. Kama umelipa sehemu na unahofia, sheria ya usajili wa ardhi inamruhusu mwenye maslahi kuweka zuio la tahadhari kwa Msajili, ili mtu mwingine akipeleka uhamisho, akutane na maandishi yako.

Nilisema mwalimu alifungua mlango wa kwanza wa balaa kwa kuacha mahindi ya mzee. Mlango wa pili ulikuwa siku ya urasimishaji. Ukinunua eneo kando ya mji na ukaishi mbali, weka mtu wako pale, panda miti, jenga hata kibanda, na mwachie namba ya simu mwenyekiti na majirani. Ukisikia upimaji unakuja, omba ruhusa kazini uende. Orodha inayoandikwa siku ile ndiyo itakayokaa ofisi ya ardhi kwa miaka, na kuibadilisha baadaye ni kesi.

Watu wa Nyamongo wanalijua hili kwa namna yao. Kuzunguka mgodi wa North Mara limezoeleka neno tegesha, yaani kujenga vibanda na kupanda miti haraka kwenye eneo linalotarajiwa kuchukuliwa na mgodi ili kudaka fidia. Tumelizungumza sana kama ujanja dhidi ya mgodi. Hatulizungumzi vya kutosha kama soko la ardhi. Eneo linalosubiri fidia lina thamani kwa mtu ambaye hataki kulilima wala kulijenga. Anataka tu jina lake liwe kwenye fomu siku ya uthamini. Mnunuzi wa namna hiyo haulizi historia ya shamba, na muuzaji hana sababu ya kuuza mara moja tu. Ukinunua huko kwa nia ya kuishi au kulima, hakiki mara mbili, na uliza moja kwa moja kama eneo limewekewa tarehe ya mwisho ya maendelezo.

Kuna jambo ambalo hakuna kitabu kinachokuonyesha vizuri, nalo ni familia. Kwa desturi ya Wakurya, mzee mwenye wake watatu hana shamba moja; ana mashamba ya nyumba tatu. Kila nyumba inajua pa kwake, na watoto wa nyumba hiyo ndio warithi wa pale. Kijana wa nyumba kubwa anaweza kukuuzia kwa moyo mweupe kabisa shamba la nyumba ndogo, au baba akauza la nyumba moja kulipia shida ya nyingine. Pia kuna nyumba ntobhu, mama aliyeoa mke ili apate watoto wa nyumba yake. Ardhi ya nyumba hiyo ni ya mama yule na watoto hao, lakini akifariki, si ajabu shemeji zake wakaja kukuonyesha shamba kama mali ya ukoo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mke anaweza kupinga mauzo hayo. Kwa hiyo siku ya kuandikiana nataka kuwaona wake, na watoto waliokua wa nyumba husika, wakisaini kwa majina yao kama wenye ridhaa, si kama mashahidi. Kama mwenye shamba amefariki, naomba fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua msimamizi wa mirathi, na ninaipeleka mahakamani hapo kuuliza kama ni yao. Wazee wa ritongo nao, ingawa hawatoi hati, wanajua mipaka ya nyumba kuliko ofisi yoyote.

Na mkataba wenyewe uandikwe ili hakimu au mwenyekiti wa baraza ambaye hajawahi kufika Mugumu aweze kuliona eneo. Kanuni za mabaraza ya ardhi na nyumba za mwaka 2003 zinamtaka mdai ataje mahali ardhi ilipo, na madai yasiyoeleweka yanahusu ardhi ipi hukwama mlangoni. "Limepakana na mzee fulani" halisaidii mzee huyo akifariki. Simu nyingi za siku hizi zinatoa alama za GPS. Simama kila kona, andika namba zake kwenye mkataba. Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. Muuzaji wa milioni tano taslimu asubuhi moja ni muuzaji anayeweza kukana saa nane mchana.

Kama yameshakukuta, usianze na mapanga. Tumeshazika watu wa kutosha Tarime kwa ajili ya mipaka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa linakuandikia hivyo, au siku 30 zikipita bila suluhu unaendelea bila barua hiyo; ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa ardhi linasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 300. Ukifungua kesi dhidi ya mnunuzi mwenzako, muunganishe na muuzaji. Mahakama Kuu ililisema hili mwaka 1983 na bado watu wanafukuzana wao kwa wao huku aliyekula fedha zao akikaa nyuma kama mtazamaji. Una miaka 12 ya kudai ardhi, lakini ukiona msingi wa mtu kwenye kiwanja chako, siku ya kwenda ni ile ile. Polisi ni njia ya pili inayokwenda sambamba: kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa lenye kifungo hadi miaka saba kwa kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kesi ya jinai itamfunga muuzaji, haitakupa kiwanja.

Haya yote nimemwambia mnunuzi, na ni haki kuuliza kwa nini mzigo wote uwe wake. Serikali imeanzisha mfumo wa e-Ardhi, na kwa viwanja vyenye hati utapunguza mengi. Hautamsaidia anayenunua robo ekari kwa hatua leo jioni. Huyo anahitaji kitu kidogo zaidi, ambacho halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kukiagiza bila kusubiri Dodoma: daftari moja la mauziano ya ardhi kwa kila kijiji na kila mtaa, lenye kurasa zilizopigwa namba, lisiloondoka ofisini mwenyekiti akibadilika, na orodha ya mauziano yote isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu. Mzee wa ekari tatu angeweza kumdanganya mwalimu. Asingeweza kukaa kimya kwenye mkutano huo huku jina la mwalimu likisomwa na jirani zake wote wakisikiliza.

Wakurugenzi wa halmashauri, viongozi wapya waliochaguliwa Novemba 2024 wana miaka ya kutosha mbele yao kulianza daftari hilo. Liagizeni. Na wewe unayetaka kununua kabla hawajafanya hivyo, anzia masjala ya kijiji, nenda ofisi ya ardhi, fika Musoma kama kuna hati, ndipo uende benki.